Kufumua mistari na kukuza picha za kanda ya familia: bwdif, QTGMC au akili mnemba?

Kanda ya familia ikishatoka kwenye deki na kuwa faili la kompyuta, wengi wetu hutaka kuifanyia mambo mawili: kuondoa ile mistari inayokatakata picha kila mtu anaposogea, na kuikuza picha ili ijae kwenye skrini za leo. Kazi hizi mbili hufanywa kwa zana tofauti, na zina mfuatano usiogeuzwa: mistari hufumuliwa kwanza, kukuza huja baadaye. Ulinganisho huu unatokana na kanda moja ambayo niliipitisha katika kila njia ninayoitaja, kisha nikaketi na kuangalia matokeo fremu kwa fremu.

Kanda yenyewe ni ya VHS, ya mfumo wa PAL, iliyorekodiwa mwaka 1992 kwa kamera ya mkononi, na sehemu niliyoitumia ina urefu wa dakika 12. Faili lake ni la AVI, lenye upana wa pikseli 720 na kimo cha mistari 576. Nilichagua vipande vitatu vya kupimia. Katika cha kwanza, mtoto wa miaka minne anapita mbele ya kamera kwa baiskeli, akitoka kushoto kwenda kulia kwa kasi. Katika cha pili, shangazi yangu anashuka ngazi huku mpiga picha akimfuata polepole. Katika cha tatu, bibi ameketi karibu na mlango, mbali na kamera, kiasi kwamba uso wake wote una upana wa pikseli zisizozidi 20. Kila kipande kina mtego wake, na ndiyo maana nilivichagua.

Kilichomo ndani ya faili

Kamera za video za wakati ule hazikuchukua picha nzima kwa mara moja. Zilichukua kwanza mistari ya namba witiri, yaani wa 1, wa 3, wa 5 na kuendelea, kisha baada ya sehemu moja ya 50 ya sekunde zikachukua mistari ya namba shufwa. Kwa hiyo kila fremu kati ya fremu 25 za sekunde moja ina nusu-fremu mbili zilizofumwa pamoja kama nyuzi za mkeka, na nusu hizo si za wakati mmoja. Televisheni ya kichogo ilizichora moja baada ya nyingine kwa mfuatano uleule, na jicho halikuona tatizo. Skrini ya leo huzionyesha zote mbili kwa pamoja, na palipo na mwendo kingo za vitu hugeuka kuwa meno ya chanuo. Kwa kanda za mfumo wa NTSC mambo ni yaleyale, isipokuwa mistari ni 480 na nusu-fremu ni takriban 60 kwa sekunde.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kanda ya PAL haina nyakati 25 katika sekunde moja. Ina 50. Programu nyingi za kuhariri video, zikipewa faili hili, hutupa nusu-fremu moja katika kila mbili au huzichanganya mbili kuwa moja, na mtumiaji haambiwi chochote. Ukizitupa, mwendo unakuwa wa kurukaruka, na yule mtoto wa baiskeli anaonekana kama anasukumwa hatua kwa hatua. Ukizichanganya, kila kinachosogea kinapata kivuli chake pembeni, na kivuli hicho hakiondoki tena kwa njia ya kawaida. Ndiyo maana swali la kwanza kwa zana yoyote ya kufumua mistari ni kama itakurudishia fremu 50. Nikiulizwa mimi, zana inayotoa fremu 25 peke yake siichukui kwa kanda ya familia, hata kama picha zake zikisimamishwa ni kali kuliko za wenzake.

Kabla ya kuanza, ni lazima ujue ni nusu ipi iliyotangulia: ya mistari ya juu au ya chini. Faili zinazotoka kwenye kamera za DV huanza na mistari ya chini. Faili za vifaa vingi vya kunasia kanda za VHS huanza na ya juu, lakini nimeshakuta kinyume, hivyo sibahatishi. ffmpeg, programu ya kuchakata video kwa amri za maandishi, ina kichujio kinachohesabu:

```
ffmpeg -i kanda.avi -vf idet -frames:v 1000 -an -f null -
```

Kwa kanda yangu mstari wa mwisho ulisomeka hivi:

```
Multi frame detection: TFF: 912 BFF: 3 Progressive: 41 Undetermined: 44
```

TFF ni mistari ya juu kwanza, na BFF ni ya chini kwanza. Fremu 912 kati ya 1,000 hazina utata. Zile zilizobaki ni mahali ambapo hakuna kilichosogea, kwa hiyo kichujio hakikuwa na cha kupimia. Kama hesabu mbili za kwanza zinakaribiana, usiziamini. Huenda kanda ina chenga nyingi, au aliyeihamisha alibadilisha kimo cha picha kabla ya kufumua mistari, na hilo la pili ni balaa kubwa zaidi kwa sababu nusu mbili zimeshavurugana. Ukikosea mpangilio dalili yake ni moja tu, na ukishaiona mara moja hutaisahau: kitu kinachosogea huenda mbele, hurudi nyuma kidogo, kisha huenda mbele tena, kama mtu anayetetemeka huku akitembea.

bwdif na QTGMC bega kwa bega

Zana ninazolinganisha kwa kazi ya kufumua mistari ni mbili. Ya kwanza ni bwdif, kichujio kilichomo tayari ndani ya ffmpeg, ambacho kimejengwa juu ya kile cha zamani kiitwacho yadif. Yadif yenyewe siiweki kwenye mizani, kwa kuwa bwdif hufanya kazi ileile, kingo zake ni safi zaidi, na huomba muda ambao tofauti yake huihisi. Ya pili ni QTGMC, ambayo ni hati ndefu inayoendeshwa ndani ya AviSynth au VapourSynth, na huhitaji programu-jalizi kadhaa kusakinishwa kwanza.

Zinatofautiana katika kuijaza mistari iliyokosekana. bwdif huchukua nusu-fremu moja, hutazama mistari iliyo juu na chini ya pengo, hutazama pia nusu-fremu za kabla na za baada, kisha huamua: mahali pametulia, basi inachukua mstari kutoka nusu ya jirani, pamesogea, basi inaukisia kutoka juu na chini. Kazi hiyo inaishia hapo. QTGMC kwanza hutengeneza makisio ya namna hiyo, kisha hufuatilia kila kipande kidogo cha picha kilikotoka na kinakokwenda katika fremu za jirani, na hutumia mwendo huo kulainisha picha nzima kwa wakati. Kwa maneno mengine, bwdif huuliza kama kitu kimesogea, ilhali QTGMC huuliza kimesogea kwenda wapi.

Tofauti hiyo ilionekana wazi kabisa kwenye ngazi. Kila ngazi ina ukingo mwembamba wa kulala, na kamera ilikuwa ikishuka polepole. Katika matokeo ya bwdif kingo hizo zilikuwa zikipepesa: zinapanda mstari mmoja, zinashuka mstari mmoja, mara 25 kwa sekunde. Ukisimamisha picha huoni kosa lolote, lakini ukiiacha icheze jicho lako linavutwa kwenye ngazi badala ya kumwangalia shangazi. Katika matokeo ya QTGMC ngazi zilitulia kama zimechorwa. Mpepeso huu hutokea popote penye kingo za kulala, iwe ni rafu za vitabu, mapazia ya mabati ya madirishani au mistari ya nguo, na ndio sababu kuu ya kuhangaika kuisakinisha QTGMC.

Kwenye baiskeli hukumu haikuwa nyepesi hivyo. Mtoto alikuwa anapita kwa kasi, na njiti za magurudumu zilikuwa ukungu tangu kwenye kanda. bwdif ilizionyesha kwa kingo zenye vijino vidogovidogo, lakini kila fremu ilikuwa ya wakati wake. QTGMC ililainisha vijino, ila katika fremu nne au tano, mkono wa mtoto ulipopita mbele ya usukani, kipande cha usukani kilifuata mkono kwa upana wa pikseli kama sita kisha kikarudi mahali pake. Hayo ni makosa ya ufuatiliaji wa mwendo, nayo hutokea pale kitu chembamba kinapopishana na kingine kwa kasi. Kwa mwendo wa kawaida huwezi kuyaona. Ukiwa na kanda ya mchezo wa mpira uliopigwa picha karibu na mstari, utayaona.

Kuna jambo lingine la QTGMC ambalo wengine hulisifu na wengine hulilaumu: inapolainisha kwa wakati, hupunguza chenga za kanda hata kama hukuiomba. Kwa VHS mimi hulipokea kwa furaha, maana chenga zile hazina taarifa yoyote na hula nafasi wakati wa kubana faili. Lakini kama kanda ilirekodiwa kwenye mwanga hafifu, ule ulaini unaweza kuzidi, na ngozi za watu zikawa kama nta. Dawa yake ni kuchagua kiwango cha haraka zaidi, kwa mfano `Preset="Medium"` badala ya `"Slower"`, au kurudisha sehemu ya chenga kwa kigezo cha `EZKeepGrain`. Hati ya msingi ni fupi:

```
AviSource("kanda.avi")
AssumeTFF()
QTGMC(Preset="Slower")
```

Mstari wa pili ndio unaotaja mpangilio wa nusu-fremu. Kama idet ilikuonyesha BFF, andika `AssumeBFF()`. Matokeo huwa ya fremu 50 kwa sekunde bila kuongeza kitu kingine.

Gharama ya QTGMC ni muda. Dakika 12 kwa fremu 50 ni fremu 36,000. Kwenye kompyuta yangu ya mezani, isiyo mpya, bwdif ilizimaliza kwa dakika mbili na ushee, na QTGMC kwa kiwango cha `"Slower"` ilichukua nusu saa, yaani kama fremu 20 kwa sekunde. Kwa kanda moja hiyo si hoja. Kwa sanduku lenye kaseti 40 za saa tatu tatu, ni hesabu ya kufanya kabla hujaanza, na wala si aibu kutumia bwdif kwa zote, kisha kuzirudia kwa QTGMC zile chache zinazopendwa.

Ipo pia njia ya tatu, ya kutofanya chochote. Faili linaachwa na mistari yake, na kichezeshi cha video kinafumua wakati wa kutazama. VLC, kwa mfano, hufanya hivyo, na televisheni nyingi pia. Kwa faili la kuhifadhi, hii ndiyo njia pekee ninayoikubali, kwa sababu mistari ikishafumuliwa hairudi ilivyokuwa. Kwa faili la kuwatumia jamaa kwenye simu haifai, maana simu nyingi huonyesha meno ya chanuo kama yalivyo.

Kukuza: kwa hesabu au kwa kubuni

Tunapofika kwenye kukuza, ni vizuri kujua kanda ina nini cha kukuzwa. VHS hubeba takriban mistari 240 ya undani kwa kipimo cha kimo cha picha, ambayo kwa picha ya 4:3 ni sawa na vitone 320 hivi katika upana wote. Faili lina pikseli 720 kwa upana, lakini zaidi ya nusu ya hizo hazina habari mpya. Rangi ina hali mbaya zaidi, kwa kuwa undani wake ni kama sehemu ya sita ya ule wa mwanga. Ndiyo maana nguo nyekundu kwenye VHS huvuja nje ya mwili wa aliyeivaa. Ukiikuza picha hadi 1440 kwa 1080, kila kitone halisi cha upana kinatandazwa juu ya pikseli nne na nusu. Swali basi ni nani anayejaza hizo nyingine, na anazijaza kwa nini.

Kukuza kwa hesabu, kwa mbinu kama Lanczos, hujaza kwa wastani wa pikseli za jirani uliopimwa kwa uangalifu. Haiongezi undani na wala haidai hivyo. Picha inatoka kubwa na laini, yenye ukungu uleule wa kanda. Kwa nini basi uikuze? Sababu ninazoziona za kweli ni mbili. Ya kwanza ni kwamba skrini yako itaikuza vyovyote vile, na mara nyingi kwa mbinu duni kuliko Lanczos. Ya pili ni ya kiufundi zaidi: YouTube huhifadhi fremu 50 au 60 kwa sekunde kuanzia picha za mistari 720 kwenda juu. Ukipakia faili la mistari 576, ule mwendo laini ulioupigania kwa QTGMC unakatwa nusu. Ukilipakia likiwa na mistari 1080, unabaki.

Kukuza kwa akili mnemba ni jambo la namna nyingine kabisa. Programu hizi zimefunzwa kwa jozi nyingi za picha ndogo na kubwa, na zinapoona ukungu wenye umbo fulani huchora kitu kinachofanana na vile zilivyowahi kuona. Kwenye ngazi zilifanya kazi nzuri kuliko nilivyotarajia: kingo zilinyooka, mbao zikapata umbile, na ukuta wa nyuma ukaonekana kama umepigwa picha kwa kamera ya kisasa. Kwenye baiskeli zilinyoosha fremu ya chuma vizuri, ingawa njiti za gurudumu zilibadilika idadi kutoka fremu moja hadi nyingine. Kwa vitu vya namna hiyo, yaani majengo, magari, maandishi makubwa na miti iliyo karibu, sina neno la kuzilaumu.

Kisha nikafika kwa bibi. Uso wenye upana wa pikseli 20 kwenye faili una vitone halisi kama tisa vya kanda, na katika vitone tisa hakuna jicho wala mdomo. Kuna madoa mawili ya giza na moja lililolala chini yake. Akili mnemba iliyachukua madoa hayo na kuchora macho yenye kope, midomo iliyokazwa, na safu ya meno. Fremu iliyofuata meno yaliongezeka. Nilidhani nimeona mimi peke yangu, hadi nilipomwonyesha shangazi bila kumwambia chochote. Aliangalia, akasogeza uso karibu na skrini, akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni nani aliyekaa mahali pa mama?" Nilipomchezea ile ya Lanczos, yenye ukungu wake wote, alimtambua kabla kamera haijatulia, kwa namna anavyoinamisha kichwa. "Haya, huyo ndiye," akasema.

Kipimo ninachokitumia tangu siku hiyo ni cha pikseli. Uso wenye upana wa pikseli 80 au zaidi kwenye faili la asili kwa kawaida huvumilia akili mnemba ikiwa imewekwa kwenye kiwango cha upole, na ukiwa na 40 huwa ni kubahatisha. Chini ya hapo programu haikuzi uso wa mtu wako, inampa uso wa mtu mwingine. Mipaka hii ni ya macho yangu kwenye kanda zangu, si ya maabara, na unaweza kuihakikisha kwa dakika tano: kata sekunde 20 zenye uso wa mtu unayemfahamu, zikuze, kisha umwonyeshe mtu anayemfahamu zaidi yako.

Kuna kosa jingine linaloonekana mara nyingi na ambalo si la akili mnemba yenyewe, bali la mfuatano. Ukiipa programu hizi faili ambalo mistari yake haijafumuliwa, nazo zisijue, huyachukulia meno ya chanuo kuwa sehemu ya picha. Huyanyoosha, huyanenepesha na kuyapa kingo kali, na unapata mtoto aliyekatwa vipande vya kulala kama mkate. Hapo hakuna kichujio kitakachosaidia, kwa sababu mistari haipo tena mahali ilipokuwa. Baadhi ya programu hizi zina modeli maalumu za picha zilizofumwa, na zinafanya kazi zote mbili kwa mkupuo mmoja. Nilizozijaribu zilikuwa nzuri kwenye ngazi, lakini huwezi kuona palipokosewa, kama ni kwenye kufumua au kwenye kukuza, kwa hiyo mimi hufumua kwa QTGMC kwanza na kuzipa faili lililokamilika.

Kuhusu muda, kompyuta ileile yenye kadi ya picha ya wastani ilikuza fremu nne kwa sekunde. Fremu 36,000 zilichukua saa mbili na nusu. Lanczos haikuongeza hata dakika moja juu ya kazi ya kufumua.

Amri moja yenye kila kitu, na mahali pa kuangalia

Kwa anayechagua njia ya haraka, yaani bwdif pamoja na Lanczos, kazi yote huingia kwenye amri moja:

```
ffmpeg -i kanda.avi -vf "bwdif=mode=send_field:parity=tff:deint=all,\
crop=704:576:8:0,\
scale=1440:1080:flags=lanczos:in_color_matrix=bt601:out_color_matrix=bt709,\
setsar=1" -c:v libx264 -crf 16 -preset slow -pix_fmt yuv420p \
-colorspace bt709 -color_primaries bt709 -color_trc bt709 \
-c:a aac -b:a 192k kanda_1080.mp4
```

`send_field` ndiyo inayotoa fremu 50. Ukiandika `send_frame` unapata 25. `crop` inaondoa pikseli nane kila upande, kwa kuwa picha halisi ya 4:3 hukaa ndani ya takriban 704 kati ya zile 720, na bila kuziondoa watu hutoka wembamba kidogo. Pikseli za faili la asili si za mraba, ndiyo sababu upana wa 704 kwa kimo cha 576 unageuka 1440 kwa 1080 bila mtu kunenepa wala kukonda.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni ile ya `bt601` na `bt709`. Picha za mistari 576 na zile za mistari 1080 hutumia hesabu tofauti za kutafsiri rangi. Ukikuza bila kubadilisha hesabu hiyo, kichezeshi kitadhani picha kubwa imefuata kanuni ya picha kubwa, na rangi zitayumba: nyekundu huelekea kwenye rangi ya chungwa, na kijani hubadilika pia. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba peke yake huioni, ila ukiweka faili mbili ubavu kwa ubavu na kuangalia kitu chekundu, unaiona mara moja. Kwenye kanda yangu ilikuwa ni fulana ya yule mtoto.

Jambo la mwisho la kuangalia ni chini kabisa ya picha. Pale mistari kama kumi ya mwisho huwa imepinda na kumetameta, kwa kuwa ndipo vichwa vya deki vilipokuwa vikipokezana. Televisheni ya kichogo iliificha nyuma ya fremu yake, faili huionyesha. Usiikate kabla ya kufumua, kwa maana ukigusa na upande wa juu ukakata idadi ya mistari isiyogawanyika kwa mbili unageuza mpangilio wa nusu-fremu bila kujua, na ile tetemeko ya mbele-nyuma inaanza. Baada ya kufumua unaweza kuikata au kuifunika kwa weusi. Mimi huifunika, kwa sababu kukata kunanilazimu kukata pembeni pia ili umbo la 4:3 libaki.

Kwa kanda ile ya 1992 niliishia na mchanganyiko. Dakika zote 12 zilifumuliwa kwa QTGMC. Kipande cha ngazi na cha baiskeli, ambavyo watu wake wako karibu na kamera, vilikuzwa kwa akili mnemba katika kiwango cha chini, na kila kilichobaki, pamoja na mlango anapoketi bibi, kilikuzwa kwa Lanczos. Mahali vipande vinapoungana picha inabadilika ukali ghafla, na anayejua atauona mshono. Niliupunguza kwa kuongeza ukali kidogo upande wa Lanczos na kurudisha chenga kidogo upande wa pili. Faili la AVI, lenye mistari yake yote kama ilivyotoka kwenye deki, liko kwenye diski mbili tofauti na sijaligusa.